Uyoga wa Porini: Nafuu ya Siku ya Pili Isikudanganye

Katika makala iliyopita tuliangalia jinsi wachumaji wanavyochanganya uyoga wa kuliwa na ule wenye sumu, hasa mvua za kwanza zinapoanguka. Leo tunaingia tumboni. Mtu amekula, usiku anatapika na tumbo linamsokota, keshokutwa yake anasema amepona. Kwa uyoga wa aina moja, hapo ndipo hatari yenyewe inapoanza.

Aina hiyo wataalamu huiita Amanita phalloides. Kofia yake ina rangi ya kijani iliyofifia au manjano, mara nyingine nyeupe kabisa, na chini ya shina kuna kifuko kama kikombe kilichozama udongoni. Asili yake ni Ulaya, lakini imesafiri na miche ya misonobari na mialoni hadi mabara mengine, na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ilikoonekana. Usidhani kile kikombe kitakuokoa. Kwanza, anayekata uyoga kwa kisu hukiacha ardhini. Pili, katika misitu ya miombo watu hula Amanita zambiana, uyoga mzuri kabisa, nao una kikombe hichohicho.

Sumu ya Amanita phalloides ni amatoksini. Haina ladha mbaya wala harufu, na waliokula wakanusurika wamesema mboga ilikuwa tamu. Kuchemsha hakuiondoi, kuukausha uyoga juani hakuiondoi, kumwaga maji ya kwanza hakuiondoi. Kitunguu kilichotiwa chunguni hakibadiliki rangi kwa ajili yake, na konokono anaweza kuutafuna uyoga huo asidhurike. Kofia moja yatosha kumuua mtu mzima. Kwa mtoto ni chini ya hapo.

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne waliokula uyoga na ugali Jumapili saa 1 usiku. Wakalala salama. Saa 9 usiku baba anaamka tumbo likimkata, anatapika, kisha anaanza kuharisha maji matupu. Kabla hakujapambazuka mama na mtoto mkubwa nao wamo. Yamepita masaa 8 tangu mlo, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kushtua. Uyoga mwingi unaochafua tumbo tu hufanya hivyo ndani ya saa moja hadi tatu. Matapishi yanayoanza baada ya masaa 6 au zaidi yahesabiwe kuwa ya amatoksini mpaka vipimo vikatae. Kinyume chake hakina uhakika: aliyetapika mapema hajavuka hatari, kwa sababu kwenye kikapu kimoja huweza kuwamo uyoga wa aina mbili, mmoja wa haraka na mwingine wa kuchelewa.

Jumatatu asubuhi wanafika zahanati. Tabibu anaona watu watatu wanaoharisha na kuishiwa maji, na kwa haki kabisa anawaza kipindupindu, taifodi au chakula kilicholala. Wanatundikiwa dripu. Kama hakuna aliyetaja uyoga, hakuna atakayeuliza. Jumanne mchana matapishi yamekoma, baba amekunywa uji, anaomba ruhusa arudi shambani.

Kwa nini anajisikia vizuri? Amatoksini huzima kimeng'enya kinachonakili maagizo ya chembechembe za urithi ili seli itengeneze protini zake. Seli ni kama kiwanda kilichokatiwa oda mpya: kinaendelea kwa akiba iliyo ghalani, ikiisha kinasimama. Utando wa utumbo hujijenga upya kila siku, kwa hiyo akiba yake huisha mapema, ndiyo maana tumbo hulalamika kwanza, baada ya zile saa za kimya. Dripu ikirudisha maji na chumvi mwilini, na utumbo ukitulia, mgonjwa hupata nguvu. Wakati huohuo sumu iko kwenye ini. Ini halina mishipa ya maumivu ndani yake, na lina ziada kubwa ya uwezo. Sehemu yake kubwa yaweza kuharibika mtu akiwa anacheka na wageni. Tena ini huitoa sumu kupitia nyongo hadi kwenye utumbo, utumbo ukainyonya na kuirudisha kwenye ini. Mzunguko huo hurudiwa mara nyingi.

Kwa hiyo ile Jumanne ya nafuu, damu ya baba ingepimwa, vimeng'enya vya ini vingeonekana vikipanda. Jumatano na Alhamisi macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, fizi zinavuja damu kwa sababu ini halitengenezi tena vitu vya kugandisha damu. Sukari inashuka. Anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo figo nazo huwa zinachoka, na mara nyingi kinachobaki ni kupandikizwa ini jipya.

Mwaka 2021 familia ya Waafghani waliohamishwa Kabul ilipokelewa kituo cha wakimbizi cha Podkowa Leśna, karibu na Warsaw, Poland. Waliokota uyoga msituni wakapika supu. Wavulana wawili, wa miaka 5 na 6, walifariki mwanzoni mwa Septemba. Mkubwa alikuwa amepandikizwa ini. Nchi ile ina hospitali zenye uzoefu wa sumu hii, bado hawakuokoka. Kwetu, ambako kupandikiza ini si huduma ya kawaida, nafasi iliyopo ni ya masaa ya mwanzo.

Katika masaa hayo hospitali ina la kufanya. Humpa mgonjwa mkaa wa dawa kwa kurudia kila baada ya masaa machache, ili sumu inaswe utumboni kila inaporudi. Humpa maji mengi kwenye mshipa, kwa kuwa figo hutoa sehemu kubwa ya amatoksini kwa njia ya mkojo. Pale zinapopatikana, hutumia silibinini au penisilini kwa dozi kubwa, na asetilisisteini, dawa ileile inayotibu sumu ya paracetamol. Hakuna hata moja inayofufua ini lililokwisha kufa. Kisha hupima vimeng'enya vya ini, kuganda kwa damu na sukari, na kurudia kila siku kwa siku mbili tatu, hata mgonjwa akidai amepona. Kituo kisichoweza kupima hayo kinapaswa kutoa rufaa siku hiyohiyo.

Nyumbani usimtapishe mtu kwa maji ya chumvi, na maziwa au mafuta ya kula hayazuii sumu hii. Usimpe paracetamol kwa maumivu ya tumbo, maana nayo hulemea ini. Mkaa wa jikoni uliosagwa si mkaa wa dawa.

Anayempeleka mgonjwa aseme mambo manne bila kungoja kuulizwa: kwamba walikula uyoga wa kuokota, saa waliyokula, saa dalili zilipoanza, na nani mwingine alionja. Abebe mabaki, mabichi na yaliyopikwa, kwenye karatasi, kwani mfuko wa plastiki huozesha. Kama hakuna kilichobaki, hata maganda yaliyotupwa jalalani yanasaidia. Na wote waliokula waende, akiwemo yule wa nne ambaye hajaumwa. Mtoto huyo aliyelala usingizi mzuri apimwe ini siku hiyohiyo pamoja na baba yake. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani bila vipimo vya ini, usiondoke; omba vipimo, au omba rufaa.