Kikomo cha Hasara Kinavyopimwa kwa Daftari la Biashara

Kila biashara ya fedha za kigeni iliyokwisha kufungwa huacha namba mbili zisizoonekana kwenye matokeo yake ya mwisho. Ya kwanza ni kina cha hasara, yaani umbali mkubwa zaidi ambao bei ilikwenda kinyume na mfanyabiashara kabla hajatoka. Ya pili ni kilele cha faida, umbali mkubwa zaidi ambao bei ilikwenda upande wake. Programu za biashara huziandika MAE na MFE. Uchambuzi huu ulienezwa na Mmarekani John Sweeney katika vitabu vyake vya miaka ya 1990.

Tuseme yuro imenunuliwa kwa dola 1.1000. Bei inashuka hadi 1.0982, kisha inapanda, na biashara inafungwa kwenye lengo la 1.1030. Matokeo ni faida ya pointi 30, lakini kina cha hasara kilifika pointi 18. Kikomo cha pointi 15 kingeigeuza faida hiyo kuwa hasara.

Biashara moja haitoshi kuamua lolote. Chukua mfano wa daftari lenye biashara 100, zote zikiwa na lengo la pointi 30 na kikomo cha pointi 40. Zilizoshinda ni 60, zilizoshindwa ni 40, na faida halisi kabla ya gharama ni pointi 200. Washindi hupangwa kwa kina cha hasara, na hapo inaonekana kwamba 57 kati yao hawakufikisha pointi 25. Kikomo kikisogezwa hadi 25, washindi watatu wanapotea, lakini kila aliyeshindwa anapoteza pointi 25 badala ya 40. Faida inakuwa pointi 635. Kikibanwa hadi 15, pale ambapo washindi 36 tu wanasalimika, faida inaporomoka hadi 120. Kikomo kizuri hukaa pale ambapo washindi wengi wameshageuka na walioshindwa bado wanaendelea kuzama.

Lengo la faida hupimwa kwa kilele, lakini hapa daftari huficha jambo. Biashara iliyofungwa kwenye pointi 30 haiwezi kuonyesha kilele cha 50, kwa kuwa kipimo kilikatika ilipofungwa. Anayetaka kujua kama lengo lisogezwe mbele hana budi kufuatilia bei baada ya kutoka. Vivyo hivyo, daftari lenye kikomo cha 40 halisemi lolote kuhusu kikomo cha 60.

Kasoro nyingine hutokana na chati. Mshumaa wa saa moja huonyesha bei ya juu na ya chini bila kusema ipi ilitangulia, hivyo mishumaa ya dakika moja hupunguza utata. Hatimaye, kikomo kilichochaguliwa hujaribiwa kwenye biashara ambazo hazikutumika kukichagua. Faida ikitoweka huko, kikomo hicho kilifuata bahati ya daftari la kwanza tu.