Hundi Imerudi: Namna ya Kumwandikia Mteja Siku Hiyohiyo

Karatasi ambayo benki humpa mfanyabiashara pamoja na hundi iliyorudi husema mambo machache tu: namba ya hundi, kiasi, tarehe, na sababu ya kurudishwa iliyoandikwa kwa maneno mawili matatu. Haisemi kwamba mteja ni tapeli, na haisemi kwamba ameshindwa kulipa. Barua nyingi za kudai huharibika papo hapo, kwa sababu mwandishi huongeza yale ambayo benki haikuyasema.

Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Mombasa. Mkandarasi wa Kilifi amechukua mifuko 200 ya saruji kwa shilingi 720 mfuko, jumla shilingi 144,000, na akaacha hundi ya kampuni yake yenye tarehe 9 Juni 2025. Hundi imewekwa benki Jumanne tarehe 10. Tangu mwaka 2011 hundi za Kenya hazisafirishwi tena kwa karatasi kutoka benki moja hadi nyingine. Picha yake ndiyo inayopita, kwa hiyo jibu huja upesi. Alhamisi tarehe 12 asubuhi, mwenye duka anapata habari kuwa hundi imerudi, na sababu iliyoandikwa ni "Rejea kwa mtoa hundi".

Jambo la kwanza ni kuisoma hiyo sababu vizuri, maana ndiyo itakayoamua barua iandikwe vipi. "Fedha hazitoshi" inaeleweka. "Rejea kwa mtoa hundi" ni kauli ya tahadhari. Benki haitaki kufichua habari za akaunti ya mteja wake, hivyo inakuambia ukamuulize mwenyewe. Mara nyingi maana yake ni upungufu wa fedha, lakini si lazima iwe hivyo. "Saini hailingani" au "maneno na tarakimu havilingani" ni kasoro za uandishi, na huenda fedha zimejaa tele kwenye akaunti. "Imepitwa na wakati" hutokea hundi inapokaa zaidi ya miezi sita kabla ya kupelekwa benki, na hapo kosa huenda ni la aliyeiweka kwenye mtoto wa meza. "Malipo yamesimamishwa" ni habari nyingine kabisa. Mteja mwenyewe ameiagiza benki isilipe, na aghalabu ana malalamiko juu ya mzigo. Ukimwandikia mtu wa aina hiyo barua ya kudai bila kumuuliza kwanza, utaanzisha ugomvi ambao simu moja ingeuzuia.

Kwa hiyo, simu kwanza. Mwenye duka wetu asimwachie karani wala asitume ujumbe kwenye kundi la mafundi. Ampigie mkandarasi mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Ile hundi ya saruji imerudi asubuhi hii, benki wameandika tukuulize wewe. Kuna tatizo lolote na mzigo?"

"Marahaba mwanangu. Mzigo uko sawa. Kuna malipo nangoja yaingie, yamechelewa."

"Basi nitakuletea barua leo iwe kumbukumbu kwetu sote, na tukubaliane siku ya kulipa."

Mazungumzo haya yamefanya kazi mbili. Mteja ameambiwa kabla hajafikiwa na karatasi, na amekiri kwamba mzigo hauna dosari. Hilo la pili liandikwe mara moja kwenye daftari, pamoja na saa ya simu, kwa sababu wiki tatu baadaye saruji hiyohiyo inaweza kudaiwa kuwa ilikuwa imeganda.

Barua itoke siku hiyohiyo, na haraka hiyo ina msingi katika sheria. Sheria ya hundi ya Kenya imetokana na ile ya Uingereza ya mwaka 1882. Inataka taarifa ya hundi kukataliwa itolewe ndani ya muda wa kufaa: kwa walio mji mmoja, kwa kawaida imfikie mhusika siku inayofuata, kwa walio miji tofauti, iwe imetumwa kufikia siku inayofuata. Ni kweli kwamba aliyetoa hundi bila kuwa na fedha za kuilipa, au aliyeisimamisha mwenyewe, hawezi kujificha nyuma ya kuchelewa kwa taarifa. Lakini ikiwa hundi ilipita mikononi mwa mtu mwingine aliyeweka saini yake nyuma, ukichelewa kumpa taarifa huyo wa kati, waweza kupoteza haki ya kumdai. Na asubuhi ile hundi inaporudi, hujui bado uko katika hali ipi. Mwandikie kila mtu aliyeiwekea saini.

Sheria hiyo haidai maneno maalumu. Inatosha taarifa ieleze bila utata ni hundi gani na kwamba haikulipwa. Barua ya duka letu ingeweza kuwa hivi:

Mombasa, Alhamisi 12 Juni 2025

Kwa Mkurugenzi wa Kampuni, Kilifi

YAH: HUNDI NAMBA 000417 YA SHILINGI 144,000

Salaam. Tunarejelea mazungumzo yetu ya simu ya leo asubuhi. Hundi iliyotajwa hapo juu, ya tarehe 9 Juni 2025, mliyotupa kulipia mifuko 200 ya saruji kwa ankara namba 2281, tuliiweka benki tarehe 10 Juni. Leo imerudishwa bila kulipwa, na sababu iliyotolewa ni "Rejea kwa mtoa hundi". Tumeambatisha nakala ya hundi na ya taarifa ya benki.

Tunaomba mtulipe shilingi 144,000 kabla ya saa kumi alasiri, Jumanne tarehe 17 Juni 2025, kwa kuhamisha fedha kwenye akaunti yetu ileile iliyo kwenye ankara, au kwa hundi ya benki. Benki imetukata pia ada ya shilingi 500 kwa hundi hii, na tunaomba nayo irudishwe. Jumla ni shilingi 144,500.

Ikiwa mmeshalipa, tafadhali tutumieni uthibitisho. Kama kuna lolote la kutueleza, tupigieni kwa namba mliyozoea kututumia.

Wenu, Meneja wa Mauzo

Barua hii haina "tumeshangazwa", haina "kwa masikitiko makubwa", wala "tutalazimika kuchukua hatua kali". Msomaji wake tayari ana aibu au wasiwasi, na kila neno la lawama humpa jambo la kujibu badala ya deni la kulipa. Aombwe kitu kimoja, kwa siku moja yenye saa, kwa njia zinazojulikana. "Haraka iwezekanavyo" si tarehe. Mteja mwenye madeni manne ataanza na lile lililotajiwa siku.

Barua imeelekezwa kwa kampuni kwa sababu hundi ni ya kampuni. Mkurugenzi aliyetia saini kwa niaba ya kampuni yake, kwa kawaida, si mdaiwa binafsi, na kumwandikia kana kwamba ndiye anayedaiwa humpa wakili wake kitu cha kushika. Ada ya benki imewekwa mstari wake peke yake ili mteja akiibishia, zile 144,000 zisicheleweshwe na ubishi wa 500. Na akaunti haikuandikwa upya. Matapeli hupenda sana kutuma barua za aina hii zenye "akaunti mpya", kwa hiyo mteja mwangalifu atafurahi kuona anaelekezwa kwenye ankara aliyonayo na namba ya simu anayoijua.

Nilitaja nakala kwa makusudi. Ushahidi halisi uliotoka benki usimkabidhi mteja mpaka fedha ziwe zimeingia. Wapo wafanyabiashara waliorudisha hundi kwa wema, ili mteja "arekebishe", na wakabaki bila karatasi ya kuonyesha kwamba iliwahi kukataliwa.

Malipo mbadala nayo yanahitaji uangalifu. Mkandarasi akisema, "Irudishe benki Ijumaa, fedha zitakuwepo," anakuomba ujaribu bahati. Ikikataliwa tena benki huenda ikakukata ada ya pili, na yeye benki yake itamkata pia. Hundi mpya ya akaunti ileile huleta shida hiyohiyo, pamoja na siku nyingine za kungoja. Kwa kiasi kama hiki njia zipo: PesaLink huhamisha hadi shilingi 999,999 kwa mara moja, na M-Pesa huruhusu hadi 250,000 kwa muamala mmoja. Hundi ya benki, ambayo benki yenyewe ndiyo mlipaji, inafaa kwa mteja anayependelea karatasi.

Akileta nusu, ipokee. Shilingi 80,000 mkononi ni bora kuliko ahadi ya 144,000. Lakini stakabadhi iandikwe "malipo ya sehemu kwa ankara 2281, baki shilingi 64,000, kulipwa tarehe fulani", na isainiwe na pande zote mbili. Kwenye vitabu, ile stakabadhi ya kwanza iliyotolewa hundi ilipopokelewa ibatilishwe siku hundi iliporudi, ili deni lionekane tena. Hundi ni malipo yenye sharti la kulipwa. Ikikataliwa, deni la saruji hurudi kama lilivyokuwa. Mwambie pia mtu wa ghala asitoe mzigo mwingine kwa mkopo kwa sasa. Hilo ni agizo la ndani, halina haja ya kutajwa kwenye barua.

Kuhusu polisi, wengi huandika neno hilo bila kujua sheria. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayetoa hundi huku akijua fedha hazitoshi au akaunti imefungwa, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kosa la kutoa hundi ukijua fedha hazitoshi halihusu hundi ya tarehe ya mbele, yaani ile uliyopewa leo ikiwa na tarehe ya mwezi ujao. Na hundi nyingi za rehani madukani ni za aina hiyo hasa. Kumtisha mtu kwa jela wakati sheria haimgusi ni kujivunjia heshima mbele ya wakili wake. Kubandika jina lake ukutani au kulisambaza kwa wauzaji wengine ni kubaya zaidi, maana ikibainika kwamba benki ndiyo iliyokosea, wewe ndiye utakayeshtakiwa kwa kumharibia jina.

Jumanne tarehe 17 ikipita kimya, barua ya pili iende tarehe 18, fupi zaidi, ikitaja ya kwanza na kutoa siku saba za mwisho kabla ya kwenda mahakamani. Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60. Nenda na ankara, hati ya kupokea mzigo, nakala ya hundi, taarifa ya benki na barua zako mbili.