Alama ya Utepe Mweupe

Kwenye filamu za kijasusi, bahasha huachwa chini ya benchi na kuokotwa papo hapo. Robert Hanssen, ofisa wa FBI aliyewauzia Warusi siri, alikuwa na subira zaidi. Alifungia nyaraka kwenye mfuko wa taka, akauficha chini ya kidaraja katika bustani ya Foxstone, Virginia, na pia akabandika utepe mweupe kwenye kibao: mzigo uko tayari. Katika barua, mwezi, siku na saa za miadi viliongezwa 6. Msomaji alitakiwa kuzipunguza. Hata jina lake aliwaficha Warusi. Umahiri huo haukumwokoa: Mrusi mmoja aliwauzia Wamarekani jalada lake, naye akakamatwa bustanini Februari 18, 2001.