Mpiga Dufu Mwenye Mikono Minne: Kanda ya PAL Ikifika Marekani

Kama familia yenu ilihamia Marekani au Kanada kutoka Mombasa, Unguja, Dar au Maskati, kuna uwezekano mkubwa kabatini mna kanda za VHS za harusi. Na pengine mna DVD ambayo mtu alizihamishia miaka ya nyuma. Ukiiangalia hiyo DVD unaona kuna kitu hakijakaa sawa. Kamera ikizungushwa ukumbini picha inakwamakwama, nyuso zina ukungu, na wote mnasema, "Ah, kanda za zamani ndo zilivyo."

Siyo kweli. Mara nyingi kanda yenyewe ni nzima, na kilichoharibika kiliharibika siku ya kuhamisha.

Chukua kanda ya harusi ya mama mdogo, Unguja, 1996. DVD yake ilitengenezwa kwenye duka moja hapa Ohio. Msafara wa bwana harusi unaingia na dufu, na mama mkubwa, ambaye hajui lolote kuhusu mitambo, akauliza: "Mwanangu, mbona huyu mpiga dufu ana mikono minne?" Tulicheka, lakini alikuwa sahihi kabisa. Tukisimamisha picha, mikono ilikuwa minne kweli: miwili mizito na miwili kama kivuli.

Ile mikono ya ziada ilitoka wapi? Afrika Mashariki na Omani zilitumia mfumo wa televisheni unaoitwa PAL, na Marekani ilitumia NTSC. Kamera ya PAL inapiga fremu 25 kwa sekunde, lakini haipigi fremu nzima kwa mpigo mmoja. Inachukua kwanza mistari ya namba witiri, halafu mistari ya namba shufwa, kila nusu kwa wakati wake. Kwa hiyo kwa sekunde moja una nusu-picha 50, na kila moja ni tukio jipya: mkono wa mpiga dufu umeshasogea kidogo. NTSC ina nusu-picha karibu 60. Hizi namba zilifuata umeme wa ukutani, manake kwetu umeme ni hezi 50 na Marekani ni hezi 60.

Sasa mwenye duka ana nusu-picha 50 na anatakiwa kutoa 60. Kila tano lazima ziwe sita. Mashine ya bei rahisi inafanya moja kati ya mambo mawili. Ya kwanza, inarudia moja katika kila tano, na hapo mwendo unasimama kidogo mara kumi kwa sekunde. Huko ndiko kukwamakwama. Ya pili, inachanganya mbili jirani kuziba pengo, mkono wa sasa juu ya mkono wa kabla yake, na hapo ndipo mtu anapata mikono minne. Kujua yako ni ipi, simamisha vidio mahali kamera inapozunguka, kisha sogeza fremu moja moja. Ukiona picha isiyosogea inajitokeza kwa mpangilio, ni marudio. Ukiona vivuli, ni mchanganyiko.

Ukungu nao una sababu yake. Picha ya PAL ikiwa dijitali ina mistari 576 kutoka juu hadi chini, NTSC ina 480. Mistari 96 inaondoka, yaani moja katika kila sita. VHS haina ukali mwingi wa kushoto kwenda kulia, kwa hiyo mistari ya juu hadi chini ndiyo mali yake, na ndiyo hiyo inayokatwa. Mashine nyingine ni mbaya zaidi: inatupa nusu-picha nzima, inabaki na mistari 288, halafu inaivuta ifike 480. Maandishi ya kanga za kina mama hayasomeki tena.

Dawa ni kutobadilisha kabisa. Miaka ile ilibidi, kwa sababu televisheni ya Marekani haikuweza kuonyesha PAL. Leo simu na kompyuta hazijali namba hizo, zinacheza fremu 50 bila tatizo.

Kwa hiyo rudi kwenye kanda. Unahitaji deki ya PAL. Deki ya kawaida ya Marekani haitoshi, itakupa picha inayobingirika au isiyo na rangi. Ukipata deki ya mifumo mingi, angalia isiwe inageuza kwenda NTSC kimyakimya ndani yake; weka itoe PAL. Kifaa cha kuingizia vidio kwenye kompyuta nacho kiweke PAL, 720 kwa 576, fremu 25, na uhifadhi bila kupunguza ubora, kwa mfano HuffYUV. Saa moja itakula gigabaiti 30 hivi. Hilo faili ndilo la kumbukumbu, usilifute.

Halafu tengeneza nakala ya kuangalia. Hapa ndipo wengi wanapoteza nusu ya mwendo bila kujua: programu inaunganisha nusu-picha mbili na kutoa fremu 25. Unachotaka ni kila nusu-picha ikuzwe iwe fremu yake kamili, upate 50. Kwa `ffmpeg` inakuwa hivi:

```
ffmpeg -i harusi.avi -vf "bwdif=mode=send_field:parity=tff,scale=1440:1080" \
-c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p -c:a aac harusi50.mp4
```

`send_field` ndiyo inayokupa 50. `tff` inasema nusu ya juu ilitangulia. Ukiona mwendo unakwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayetetemeka, mpangilio umegeuka, weka `bff`. Na `scale` lazima ije baada ya `bwdif`. Ukikuza kwanza, mistari ya nyakati mbili inachanganyika na hakuna wa kuitenganisha tena.

Kwa nini 1080 wakati kanda haina ukali huo? Ni kwa ajili ya YouTube. Chini ya 720 inapunguza idadi ya fremu, na 50 zako zinarudi kuwa 25.

Kuna jambo moja utaliona. Skrini nyingi za kompyuta zinajionyesha upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo bado utahisi mkwamo mdogo kamera ikizunguka. Lakini huo uko kwenye skrini, haumo kwenye faili. Binamu yako wa London au Maskati akiifungua kwenye televisheni inayokubali 50, inateleza kama maji. Ukiamua kugeuza ziwe 60 ili uondoe huo mkwamo, programu itabidi ibuni fremu ambazo kamera haikupiga, na sehemu zenye mwendo wa haraka, kama mikono juu ya dufu, ndizo zinazopindapinda.

Na kama kanda imepotea, mna DVD tu? Kama ni ya marudio, kuna nafuu: ifungue kwa `bwdif`, kisha `decimate=cycle=6` inajaribu kuondoa ile ya sita iliyorudiwa, na mwendo unarudi karibu na wa awali. Kama ni ya mchanganyiko, ni kazi ngumu na matokeo ni nusunusu. Mistari iliyokatwa hairudi kwa njia yoyote. Kwa hiyo kabla ya yote, piga simu nyumbani, uliza kwa shangazi na kwa mama wadogo. Kanda za harusi zilikuwa zinanakiliwa na kugawiwa, na nakala ya PAL ya Unguja, hata ikiwa imechoka, mara nyingi itakupa picha bora kuliko DVD ya Ohio.