Mhadhara wa elektroniki unapogeuka chati ya kutafuta hitilafu

Mwanafunzi wa elektroniki huweza kuujua mhadhara wote kwa moyo, kisha akakwama mbele ya kadi ya saketi iliyoharibiwa makusudi na mtahini. Sababu ni kwamba mhadhara hueleza jinsi saketi inavyofanya kazi ikiwa nzima, ilhali mtihani wa vitendo huuliza ni kitu gani kimoja kilichoacha kufanya kazi.

Njia mojawapo ya kuvuka pengo hilo ni kuugeuza mhadhara kuwa chati mtiririko, yaani mchoro wa maswali ambao kila jibu la ndiyo au hapana humwelekeza mtafutaji kwenye swali linalofuata. Mfano unaofaa ni saketi ambayo karibu kila mwanafunzi huanza nayo: usambazaji wa umeme wa volti 5.

Mhadhara unasema nini

Mhadhara wa kawaida huifuata saketi hiyo kuanzia ukutani. Umeme wa soketi hupita kwenye fyuzi na kuingia transfoma, ambayo huushusha hadi volti 9 za mkondo geu. Dayodi nne za 1N4007, zilizopangwa kama daraja, huugeuza kuwa mkondo wa upande mmoja. Kapasita ya mikrofaradi 1000 huulainisha, na kidhibiti cha 7805 hutoa volti 5 zisizobadilika. Mwishoni huwepo taa ndogo ya ledi pamoja na rezista yake.

Mwalimu huongeza hesabu. Volti 9 zikizidishwa kwa 1.414 hutoa kilele cha volti 12.7. Dayodi mbili zinazopitisha kwa wakati mmoja hula kiasi cha volti 1.4, hivyo kwenye kapasita hutarajiwa volti 11.3. Kidhibiti nacho huhitaji kupokea walau volti 7 ili kiweze kutoa 5.

Katika daftari hizo ni sentensi za kukariri. Katika chati, kila moja huwa kipimo, kwa kujibu swali hili: ikiwa sehemu hii ni nzima, mita iwekwe wapi na isome nini?

Kutoka sentensi hadi swali

Hatua ya kwanza ni kuchagua vituo vichache vya kupimia. Saketi hii inatosheka na vitatu. Kituo A ni ncha mbili za transfoma upande wa volti ndogo, kituo B ni ncha za kapasita kubwa, na kituo C ni pato la kidhibiti.

Hatua ya pili ni kukipa kila kituo kiwango chenye mwanzo na mwisho. Hapa wanafunzi wengi hukosea kwa kuandika namba moja tu ya kitabuni. Transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya volti zilizoandikwa juu yake, kwa hiyo kituo B huweza kusoma hata volti 14 bila kuwapo hitilafu yoyote. Kiwango cha busara kwa B ni kati ya volti 10 na 15, na kwa C ni kati ya 4.8 na 5.2.

Hatua ya tatu ni mpangilio, na hapa ndipo chati inapoachana na mhadhara. Mhadhara huanzia kwenye soketi, lakini mtafutaji wa hitilafu huanzia katikati. Kipimo kimoja kwenye kituo B huigawa saketi mara mbili: kikiwa sawa, transfoma na fyuzi huondolewa katika orodha ya washukiwa papo hapo, na kikiwa kibaya, kidhibiti na taa husubiri.

Chati yenyewe

Desturi ya michoro hii ni kuweka kipimo ndani ya mstatili, swali ndani ya umbo la almasi, na mwanzo na mwisho ndani ya umbo la yai. Ikiandikwa kwa maneno, chati ya saketi hii husomeka hivi.

Mwanzo: plagi ikiwa imechomolewa, je, kuna kitu kilichoungua, kapasita iliyovimba au fyuzi iliyokatika? Fyuzi iliyokatika isibadilishwe kabla ya kupima kama dayodi au kapasita imepiga shoti, kwani fyuzi mpya itakatika vilevile.

Swali la 1: Je, kituo B kina volti kati ya 10 na 15 za mkondo mnyoofu? Ikiwa ndiyo, nenda swali la 2. Ikiwa kiko kati ya 5 na 9, nenda swali la 3. Ikiwa ni karibu na sifuri, nenda swali la 4.

Swali la 2: Je, kituo C kina kati ya volti 4.8 na 5.2? Ikiwa ndiyo, na bado taa haiwaki, mshukiwa ni taa au rezista yake. Ikiwa C ni sifuri, zima, tenganisha mzigo, kisha upime tena. Volti 5 zikirudi, shoti iko kwenye mzigo; zisiporudi, mshukiwa ni kidhibiti. Ikiwa C imepanda karibu na volti za B, kagua mguu wa kati wa kidhibiti, kwani yaelekea haujaungwa na upande hasi.

Swali la 3: Je, mita ikiwekwa kwenye mkondo geu, kituo B kinasoma zaidi ya volti 1? Ikiwa ndiyo, kapasita kubwa hailainishi umeme. Ikiwa hapana, pima kituo A, kwa kuwa volti zinazoingia ni chache au kuna kitu kinachozivuta chini.

Swali la 4: Je, kituo A kina volti 9 au zaidi kidogo za mkondo geu? Ikiwa ndiyo, kagua daraja la dayodi na njia zake. Ikiwa hapana, chomoa plagi, washa swichi ya kifaa, na upime ohmu kati ya pini mbili za plagi. Makumi au mamia ya ohmu ni dalili kwamba njia ni nzima hadi ndani ya transfoma. Mita isiposoma chochote, njia imekatika kwenye waya, swichi, fyuzi au transfoma. Kwa mpangilio huu, mwanafunzi hana haja ya kuweka ncha za mita kwenye umeme wa soketi.

Kisa kimoja hatua kwa hatua

Mtahiniwa anapewa kadi ambayo taa yake inawaka kwa unyonge. Kituo B kinasoma volti 7.4, na kituo C kinasoma volti 4.1.

Asiye na chati huona volti 7.4 zikiingia na 4.1 zikitoka, akakumbuka kwamba kidhibiti huhitaji volti 7, na kuhukumu kwamba kidhibiti kimekufa. Anakibandua, anaweka kipya, na taa inabaki vilevile. Dakika 15 zimekwisha.

Mwenye chati hupelekwa swali la 3. Anageuza mita kwenye mkondo geu na kusoma volti 3.5 kwenye kituo kilekile. Maana yake ni kwamba kituo B hakina volti 7.4 zilizotulia, bali mawimbi yanayopanda hadi karibu volti 12 na kushuka hadi chini kabisa mara 100 kwa sekunde. Mita ya mkondo mnyoofu ilikuwa inaonyesha wastani wake. Kila wimbi linaposhuka chini ya volti 7, kidhibiti hushindwa kutoa 5, na ndiyo sababu wastani wa C ni 4.1.

Anazima, anasubiri, kisha anagusisha kapasita nyingine nzima ya mikrofaradi 1000 sambamba na ile ya kwanza, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kuwasha. B inapanda hadi volti 12, mawimbi yanakaribia sifuri, na C inasoma 5.0. Anapogeuza kadi anaona ufa mwembamba kwenye lehemu ya mguu mmoja wa kapasita. Kapasita yenyewe ni nzima. Kilichohitajika ni kuulehemu mguu huo upya.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza uko kwenye mita. Baadhi ya multimita za bei nafuu, zikiwekwa kwenye mkondo geu, husoma volti hata mahali penye mkondo mnyoofu mtupu. Dawa yake ni kuijaribu mita kwenye betri ya volti 9 kabla ya mtihani, kwa kuziweka ncha upande mmoja na kisha kuzigeuza. Ikionyesha chochote cha maana, kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 iungwe kwa mfuatano na ncha moja ili kuzuia mkondo mnyoofu.

Mtego wa pili ni dayodi iliyokatika. Bila mzigo mkubwa, saketi yenye dayodi moja iliyokatika husoma sawasawa kila kituo, kwa sababu kapasita bado hujazwa, ingawa ni kwa nusu ya mawimbi. Udhaifu hujitokeza mzigo unapoongezeka. Tena, ukiipima dayodi hiyo ndani ya kadi, mita huweza kuonyesha kwamba ni nzima, kwani mkondo wa mita huzunguka kupitia transfoma na dayodi ya jirani. Waya mmoja wa transfoma lazima utenganishwe kwanza. Ndipo kila dayodi nzima itakaposoma kiasi cha volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na kutosoma kitu upande wa pili.

Kwa hiyo chati kamili huongeza swali moja mwishoni: je, C inabaki na volti 5 ikiwekewa rezista ya ohmu 47 yenye uwezo wa wati 1? Hapo mzigo huwa kama ampea 0.1. Mawimbi ya mkondo geu kwenye B hutarajiwa kuwa karibu volti 0.3 dayodi zote zikiwa nzima, na takriban mara mbili ya hapo moja ikiwa imekatika. Kwa wasikilizaji walioko Marekani, ambako umeme una mizunguko 60 kwa sekunde badala ya 50 ya Afrika Mashariki, Uingereza na Oman, mawimbi hayo huwa madogo kidogo.

Chati ya namna hii ina mipaka. Imejengwa juu ya dhana kwamba hitilafu ni moja tu, na kwamba haiji na kuondoka. Kwa sababu hiyo, baada ya kila tengenezo mshale hurudi swali la 1, na vipimo vyote huchukuliwa upya. Namba za kabla na za baada ya tengenezo, zikiandikwa kando kwa kando kwenye karatasi ya majibu, ndizo zinazomthibitishia mtahini kwamba hitilafu ilipatikana kwa kupima na si kwa kubahatisha.