Baba Amekuja au Alikuja? Vitenzi vya Kiswahili Vinapovukia Kirusi

Ukiambiwa "Baba amekuja", unajua baba yumo ndani, pengine anavua viatu. Ukiambiwa "Baba alikuja", unataka kuuliza ameondoka saa ngapi. Hakuna aliyetaja kama yupo au hayupo. Kazi hiyo imefanywa na silabi moja katikati ya kitenzi.

Mrusi anayo tofauti hiyo hiyo, ila ameiweka mahali pengine. "Otets priyekhal" ni baba amekuja, na bado yupo. "Otets priyezhal" ni baba alikuja, akaondoka. (Maneno ya Kirusi nayaandika kwa herufi zetu, kwa kadiri yanavyosikika.) Vitenzi vyote viwili vimo katika wakati uliopita. Kilichobadilika ni kitenzi chenyewe, kwa sababu Mrusi ana vitenzi viwili vya kuja kwa chombo cha safari, na kila kimoja kina kazi yake. Dirisha nalo ni hivyo hivyo. Ukiingia chumbani ukalikuta wazi, utauliza "Kto otkril okno?", nani amefungua dirisha? Ukilikuta limefungwa lakini chumba kina baridi na vumbi limeingia, utauliza "Kto otkrival okno?", nani alifungua dirisha?

Kwa hiyo anayetafsiri hadithi fupi ya Kiswahili kwa Kirusi anakosea njia akianza na swali la lini. Swali linalomsaidia ni hili: tendo lilipokwisha, kumebaki nini?

Kirusi kina nyakati tatu tu, uliopita, uliopo na ujao, na mwanafunzi anayetoka kwenye li, na, ta, me, ka, ki na hu huona amepata nafuu. Nafuu hiyo haidumu. Vitenzi vingi vya Kirusi huja viwili viwili, kimoja cha hali timilifu na kingine cha hali isiyotimilifu. Sentensi yetu "Alisoma kitabu" haisemi kama alikimaliza. Mrusi hawezi kuiacha hivyo. Ama aseme "chital", alikuwa katika kusoma, au "prochital", alisoma mpaka mwisho. Tena kitenzi timilifu hakina wakati uliopo, maana kilichotimia hakiwezi kuwa kinaendelea papo hapo. Ukikipa umbo la wakati uliopo, kinageuka kuwa wakati ujao: "prochitayu" ni nitasoma, nitakimaliza.

Mtego wa kwanza hutoka katika vitabu vyetu vya sarufi. Shuleni tulifundishwa kwamba me ni "hali timilifu", basi mtu huona ni halali kuipeleka kwenye kitenzi timilifu cha Kirusi. Kwa "amefika" anafanikiwa: "prishol". Kwa "amechoka" anafanikiwa pia: "ustal". Akifika kwenye "amelala" anaanguka. Amelala ni "spit", wakati uliopo, hali isiyotimilifu, kinyume kabisa cha alichotarajia. Amesimama ni "stoit", amekaa ni "sidit", navyo ni vya wakati uliopo vilevile. "Mlango umefungwa" hauna hata kitenzi cha wakati. Mrusi husema "dver zakrita", kama anayetaja sifa ya mlango.

Sababu yake si ngumu. Kitenzi chetu "kusimama" kinabeba mambo mawili, kuingia katika hali ile na kuwa ndani yake. Me inaposhika kitenzi cha namna hiyo inasema kuingia kumekwisha, hali ndiyo iliyobaki. Mrusi amegawa mambo hayo kwa vitenzi tofauti, kimoja cha kuingia na kingine cha kukaa humo. Kwa hiyo "akasimama" ni "ostanovilsya" ikiwa mtu alikuwa akienda, au "vstal" ikiwa alikuwa amekaa, lakini "amesimama" ni "stoit". Mzizi wetu ni mmoja, yeye ana vitenzi vitatu, na kamusi haiwezi kukuchagulia.

Tuchukue kifungu kifupi, nimekitunga kwa ajili hii:

"Mzee Haji alikuwa amekaa barazani akishona wavu. Mjukuu wake akaja mbio, akasimama mbele yake, akasema, 'Babu, jahazi limefika.' Mzee hakuinua kichwa. Siku zote jahazi likifika huvaa kofia yake akaenda bandarini. Siku hiyo aliendelea kushona."

"Alikuwa amekaa" ina vitenzi viwili kwetu, lakini kwa Kirusi ni neno moja, "sidel", lisilotimilifu la wakati uliopita. Anayetafsiri silabi kwa silabi ataandika "sel", na msomaji wa Urusi ataona mzee akijiweka chini mbele ya macho yake, kumbe alikwishakaa kabla hadithi haijaanza. Kosa hili halionekani kwa kutazama sentensi peke yake, kwa sababu "starik sel" ni Kirusi safi. Linaonekana ukisoma kifungu kizima na kujiuliza nani alikuwa wapi pazia lilipofunguliwa.

Halafu inakuja ka. Kiashiria hiki hakina wakati wake. Huazima wakati wa kilichotangulia na kuusogeza mbele hatua moja. Kirusi hakina silabi ya kazi hiyo wala hakiihitaji. Vitenzi timilifu vya wakati uliopita vikipangwa foleni vinafuatana vyenyewe: "pribezhal, ostanovilsya i skazal". Kila kimoja kinafunga mlango wa kilichotangulia. Ukiweka kisichotimilifu hata kimoja kati yao, foleni inavunjika na matendo yanaanza kutokea kwa pamoja. Wapo wanaoogopa kuipoteza ka, wakaweka "potom", yaani kisha, mbele ya kila kitenzi. Matokeo yake ni Kirusi cha mtoto anayesimulia alivyoshinda. Mimi ningeiacha ka ife kimya, kazi yake imeshafanywa. Tazama pia kwamba "akaja mbio" imekuwa neno moja, "pribezhal": namna ya kwenda imo katika mzizi, na kufika kumo katika kiambishi "pri".

Foleni hiyo inatulazimisha pia kurudi kwenye li na kuiwekea mpaka. Nilisema "Baba alikuja" huwa "priyezhal". Hayo ni ya mazungumzo, pale msemaji anapotazama nyuma kutoka leo. Ndani ya hadithi, "Baba alikuja, akaketi, akaomba maji", li inafungua tu mlolongo, na kitenzi chake lazima kiwe timilifu, "priyekhal", kama vinavyokifuata.

Sasa ki. "Amekaa akishona wavu" inapokewa vizuri na umbo ambalo Warusi huliita "deyeprichastiye", kitenzi kisicho na nafsi wala wakati kinachoegemea kitenzi kikuu: "sidel, chinya set". Wengi hupenda kuligawia kila ki umbo hilo, na hapo ndipo kunapozuka vichekesho. Ki yetu hutembea na nafsi yake. Tunaweza kusema "Nikikaribia stesheni, kofia ilipeperuka", na kila mtu anajua mimi ndiye niliyekaribia, maana ni- imo. Umbo la Kirusi halina nafsi, linachukua ya kitenzi kikuu, na kitenzi kikuu hapo ni cha kofia. Anton Chekhov aliutumia mzaha huo mwaka 1884 katika kisa chake kifupi kuhusu kitabu cha malalamiko cha stesheni ya reli, ambamo abiria anaandika sentensi inayoifanya kofia yake ionekane ndiyo iliyokuwa ikitazama mandhari dirishani. Walimu wa Kirusi huitumia sentensi hiyo mpaka leo kuonya wanafunzi.

Basi "Nilimkuta akilia" haiwezi kupita njia hiyo, kwa kuwa niliyekuta ni mimi na anayelia ni mwingine. Itabidi isemwe kwamba nilipoingia, yeye alikuwa analia: "kogda ya voshol, ona plakala". Timilifu kwa kuingia, isiyotimilifu kwa kulia.

Ki ina uso mwingine, ule wa "ukija". Kiswahili hakikulazimishi kusema kama una hakika mtu atakuja. Kirusi kinakulazimisha: "kogda" ikiwa una hakika, "yesli" ikiwa huna. Katika kifungu chetu, "siku zote jahazi likifika" ni kogda, kwa sababu jahazi lilifika mara nyingi. Na hapo jambo linabadilika ghafla. Hu haina wakati, nasi tunaiweka katika hadithi ya zamani bila wasiwasi. Ukiipeleka kwenye wakati uliopo wa Kirusi, mzee ataonekana bado anaivaa kofia ile mpaka leo. Lazima iingie wakati uliopita, hali isiyotimilifu, na inakokota majirani zake: "kogda prikhodilo sudno, on nadeval kofiyu i shol v port". Ka ya "akaenda", ambayo sentensi mbili nyuma ilidai vitenzi timilifu, hapa imedai kisichotimilifu, kwa kuwa mlolongo wote umekuwa mazoea. Anayetafuta jedwali la ka sawa na hiki, ki sawa na kile, anakwama katika mstari huu mmoja.

"Aliendelea kushona" haina shida: baada ya kuanza, kuendelea na kuacha, Mrusi hutumia kitenzi kisichotimilifu siku zote. "Prodolzhal chinit", basi.

Pana mahali ambapo lugha hizi mbili zinaelewana kuliko tulivyozoea. Aliyepitia Kiingereza amefundishwa kurudisha nyuma wakati wa maneno yaliyoripotiwa. Kwa Kirusi asihangaike. "Mama alisema anaumwa" inakwenda ilivyo: "mama skazala, shto boleyet", la kwanza likiwa limepita na la pili likibaki katika wakati uliopo.

Lakini "skazala" ina "a" mwishoni, na hiyo ni kwa sababu mama ni mwanamke. Wakati uliopita wa Kirusi hauonyeshi nafsi, unaonyesha jinsia. Kwenye kifungu chetu nimeandika "pribezhal" kana kwamba najua mjukuu ni mvulana, na maandishi hayasemi. Akiwa msichana, vitenzi vyote vitatu vinabadilika: "pribezhala, ostanovilas, skazala". Katika hadithi ya upelelezi ambamo "mgeni" anaingia usiku na jinsia yake ni siri mpaka mwisho, tatizo linakuwa kubwa. Njia mojawapo ni kuihamishia sehemu hiyo kwenye wakati uliopo, ambao hauna jinsia, kwani Warusi nao husimulia ya jana kwa vitenzi vya leo wanapotaka msomaji aone kwa macho. Nyingine ni kumpa mgeni nomino yenye jinsia ya kisarufi isiyo ya mtu, kama "figura", umbo, ambayo ni ya kike hata ikiwa anayevizia ni dume. Mimi ningechagua ya pili, kwa sababu ya kwanza inabadilisha kasi ya hadithi nzima.

Ukanushi una mtego mdogo lakini wa hatari. "Jahazi halikufika" ni "sudno ne prishlo". "Jahazi halijafika" ni maneno hayo hayo, kitenzi kile kile, na neno "yeshyo" mbele, yaani bado. Ja yote imehamia katika neno hilo moja. Mtafsiri akilisahau, walioko bandarini wataacha kungoja.