Siagi ipi hiyo?

"Kwa wastani, unakula siagi siku ngapi kwa wiki?" Swali hilo linaonekana halina shida. Mtu anajibu "siku tano" bila kusita, karani anaandika 5, na kosa linaingia kwenye takwimu kimyakimya.

Mtafiti wa Marekani, Floyd Fowler, alilichunguza swali la aina hiyo katika utafiti alioutoa mwaka 1992. Swali la namna hiyo linaweza kujaribiwa kwa kuwahoji watu wachache taratibu, mmoja mmoja. Katika mahojiano ya namna hii jibu lenyewe ni mwanzo tu. Mhoji hufuatiza: "Hiyo tano umeipataje? Ulikuwa unafikiria chakula gani?" Katika utafiti wa Fowler ilibainika kwamba wengine walihesabu majarini pia, ilhali mtunga swali alikusudia siagi ya maziwa peke yake.

Swali likaandikwa upya, likitaja wazi kwamba majarini isihesabiwe. Lilipopelekwa kwa watu wengi, waliosema hawali siagi kabisa waliongezeka sana. Kwa Kiswahili mtego ni uleule, maana wengi wetu tunaita vyote viwili siagi.

Kuuliza "Umeelewa?" hakusaidii, kwa sababu aliyeelewa vingine naye ataitikia ndiyo. Ni afadhali kumwomba alirudie swali kwa maneno yake.

Watu kumi hivi kwa awamu moja mara nyingi hutosha kufichua kasoro kubwa, kisha swali hurekebishwa na kujaribiwa tena kwa wengine. Lakini kumi hao hawawezi kuonyesha ni asilimia ngapi ya wananchi wanaolielewa vibaya.